Kwa nini benzaldehidi na asetoni hazitoi mazao manne

*"Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili chuoni. Kwenye jaribio tuliulizwa zao la benzaldehidi na asetoni ndani ya NaOH. Nikaandika mazao manne kama tulivyofanya kwa ethanali na propanali, nikakosa swali zima. Wiki iliyofuata tukaifanya maabara. Wenzangu walipata fuwele za njano, mimi nikapata mafuta mazito ya njano yasiyoganda, na vyombo vyangu vilikuwa safi, nilivisuuza mwenyewe kwa asetoni. Kingine: tulifundishwa OH si kundi zuri la kuondoka. Sasa kwenye besi inaondokaje?"*

Marahaba. Hesabu yako ya mazao manne ina msingi, na kwa ethanali na propanali ni sahihi. Kilichokuponza ni kuichukua kama kanuni ya kila jozi, wakati ni matokeo ya hali fulani tu. Tuitazame hali yenyewe.

Katika kila mmenyuko wa aldoli kuna kazi mbili. Molekuli moja inapoteza protoni kwenye kaboni iliyo jirani na kabonili, yaani kaboni ya alfa, inageuka enolati, kisha inakwenda kushambulia. Hiyo niiite mshambuliaji. Molekuli ya pili inashambuliwa kwenye kaboni ya kabonili yake. Hiyo ni mpokeaji. Ethanali ina haidrojeni za alfa, propanali nayo inazo, na zote mbili ni aldehidi zinazoshambulika kwa urahisi. Kila moja inaweza kufanya kazi zote mbili. Washambuliaji wawili mara wapokeaji wawili ni manne: ethanali juu ya ethanali, ethanali juu ya propanali, propanali juu ya ethanali, propanali juu ya propanali. Zote zinatokea, na ukizichanganya aldehidi hizo kwenye chupa moja utapata mseto ambao kuutenganisha ni kazi ya siku nzima.

Sasa jiulize: kwa benzaldehidi, ili ufikishe manne, ilibidi uigeuze benzaldehidi kuwa enolati. Protoni uliichomoa wapi? Nimesahihisha karatasi nyingi za swali hili, na wengi huichomoa kwenye CHO. Haidrojeni ile haiko kwenye kaboni ya alfa. Iko kwenye kaboni ya kabonili yenyewe. Ukiiondoa, elektroni mbili zinazobaki zinakaa kwenye obitali iliyolala upande, haielekeani na elektroni za pai za C=O, kwa hiyo chaji hasi haina pa kusambaa. Haidroksidi haiwezi kufanya kazi hiyo. Kaboni ya alfa ya benzaldehidi ni ile ya kwenye duara la benzini, na hiyo haina haidrojeni hata moja: imeshikwa na kaboni mbili za duara na kaboni ya kabonili. Benzaldehidi basi haiwezi kushambulia. Inapokea tu. Mazao mawili yamefutika kabla hujagusa kalamu.

Yamebaki mawili: asetoni juu ya asetoni, na asetoni juu ya benzaldehidi. Hapa ndipo wanafunzi wazuri nao hukwama, maana asetoni ina haidrojeni sita za alfa na ina kabonili, hivyo kwenye karatasi inaweza kujishambulia. Na kweli inajishambulia. Ila mmenyuko huo unarudi nyuma. Kaboni ya kabonili ya asetoni imebanwa na vikundi viwili vya CH3 ambavyo pia vinaisukumia elektroni, kwa hiyo haina njaa kubwa ya kushambuliwa, na zao lake likishatokea halina sababu kubwa ya kubaki. Asetoni ikiachwa peke yake na besi kwenye joto la kawaida, msawazo unaegemea sana upande wa asetoni, na zao linabaki asilimia chache tu. Benzaldehidi kwa upande wake ina haidrojeni ndogo upande mmoja wa kabonili, hivyo enolati inaifikia kirahisi zaidi. Na zao la shambulio hilo, kama utakavyoona, lina njia ya kusonga mbele isiyorudi kirahisi. Kila enolati inayopotea njia kwa kushambulia asetoni nyingine inapata nafasi ya kurudi, na mwisho wake inaishia kwenye benzaldehidi.

Tuipitie hatua kwa hatua. Haidroksidi inachomoa protoni kwenye CH3 ya asetoni:

```
CH3COCH3 + OH-  ⇌  (-)CH2COCH3 + H2O
```

Angalia mishale ya pande mbili. pKa ya asetoni ni kama 19 hadi 20, ya maji ni 15.7. Tofauti hiyo ya takribani 4 ina maana kwamba msawazo unaegemea upande wa asetoni kwa kama mara elfu kumi. Wakati wowote enolati iliyopo ni chembe tu. Wanafunzi hudhani besi lazima igeuze asetoni yote kuwa enolati ndipo kazi ianze. Hapana. Chembe hiyo ikitumika, msawazo unatengeneza nyingine, ikitumika nayo, nyingine tena. Na kuna faida ndani yake: kwa kuwa protoni zinachomolewa na kurudishwa kila mara, kila kosa lina nafasi ya kujirekebisha.

Kaboni ya enolati inashambulia kaboni ya kabonili ya benzaldehidi, oksijeni inabaki na chaji hasi, kisha inachukua protoni kutoka kwa maji. Hapo una aldoli yenyewe, C6H5CH(OH)CH2COCH3. Jina aldoli limetokana na kuunganisha aldehidi na alkoholi, na Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz ndiye aliyelitumia mwaka 1872. Mwaka huo huo Alexander Borodin, mkemia wa Kirusi ambaye dunia inamfahamu zaidi kwa muziki wake, alikuwa akichunguza mmenyuko huu pia.

Sasa swali lako la OH. Ulichofundishwa ni kweli: kwenye mazingira ya besi, alkoholi ya kawaida haitoi OH. Ethanoli ukiichemsha na NaOH haigeuki ethini. Lakini itazame aldoli yetu vizuri. OH yake imekaa kwenye kaboni ya beta, na katikati ya kaboni hiyo na kabonili kuna CH2. Protoni za CH2 hiyo ni za alfa. Haidroksidi inachomoa mojawapo kama ilivyofanya mwanzo, na inapatikana enolati mpya. Enolati hii ina jozi ya elektroni inayosukuma, na jirani yake kabisa kuna kaboni iliyobeba OH. Elektroni zinashuka kutoka oksijeni ya enolati, zinajenga C=C kati ya alfa na beta, na OH inasukumwa nje kama ioni. Haikuondoka kwa kuwa ni kundi zuri la kuondoka, iliondolewa na mzigo wa elektroni uliokuwa umeshajengeka nyuma yake. Kwa hiyo hatua ni mbili, protoni kwanza, OH baadaye, na kaboni yenye chaji hasi ikiwa katikati. Usichore mshale mmoja unaong'oa H na OH kwa pamoja kama ulivyozoea kwenye E2. Msahihishaji anatafuta enolati ile ya katikati, na asipoiona anakata alama.

Kinachofanya hatua hii isirudi kirahisi ni kile kilichozaliwa: C6H5CH=CHCOCH3. Duara la benzini, C=C na C=O vimepangana mstari mmoja na elektroni zake zinasambaa kotekote. Ndiyo sababu pia inazaliwa yenye umbo la trans, na ndiyo sababu ina rangi. Kwa aldehidi zenye duara la benzini kama hii, upungukaji wa maji unatokea hata bila kupasha moto. Kwa aldehidi za mnyororo tu, ukibaki kwenye ubaridi na besi hafifu unaweza kuishia kwenye aldoli, na ukipasha moto ndipo maji yanatoka. Kwa hiyo swali la mtihani likikuambia "joto", linakuambia utoe maji.

Lakini hatujamaliza, na hapa ndipo mafuta yako yanapoingia. Itazame tena C6H5CH=CHCOCH3, ambayo huitwa benzalasetoni. Upande wa kulia wa kabonili bado kuna CH3. CH3 hiyo ina haidrojeni tatu za alfa. Kama kwenye chupa bado kuna benzaldehidi, haidroksidi inachomoa protoni hapo, enolati mpya inashambulia benzaldehidi ya pili, OH inasukumwa nje kwa njia ile ile, na unapata C6H5CH=CHCOCH=CHC6H5, dibenzalasetoni. Hizo ndizo fuwele za njano za wenzako. Zinayeyuka kati ya 110 na 112 °C. Benzalasetoni inayeyuka karibu na 40 °C, na ikiwa na uchafu kidogo inayeyuka chini zaidi ya hapo. Kwenye maabara yenye joto la 30 °C, benzalasetoni chafu ni mafuta ya njano. Ulichokipata kinafanana na hiyo kabisa.

Kwa nini wewe na si wao? Tupige hesabu. Sijui mlipewa vipimo gani, lakini vya kawaida kwa maabara za wanafunzi ni kama gramu 2.12 za benzaldehidi, sawa na mL 2 hivi, ambazo ni milimoli 20, na gramu 0.58 za asetoni, kama mL 0.73, ambazo ni milimoli 10. Uwiano ni 2 kwa 1, na lazima uwe hivyo, maana kila asetoni inapaswa kupata benzaldehidi mbili. Ulisuuza vyombo kwa asetoni. Kama chupa ya koni ilibaki na mL 1 tu iliyojishikiza kwenye kuta na chini, hizo ni kama gramu 0.79, yaani karibu milimoli 14. Asetoni yako sasa ni milimoli 24 badala ya 10, zaidi ya mara mbili. Benzaldehidi ni ile ile 20. Imekuwa chache kuliko asetoni. Kila benzaldehidi inakutana na enolati ya asetoni mpya kabla benzalasetoni haijapata zamu ya pili, na kazi inasimama nusu njia. Mmenyuko ulikuwa sahihi, uwiano ndio uliobadilika bila wewe kujua.

Jambo hili hutumika hata kwa makusudi. Anayetaka benzalasetoni huweka asetoni nyingi sana tangu mwanzo. Anayetaka dibenzalasetoni hupima asetoni kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote, na hukausha vyombo kwa tanuri au kwa kitambaa, si kwa asetoni. Kwa hiyo hata kwenye karatasi, swali likitaja moli, zisome. "Moli 2 za benzaldehidi kwa moli 1 ya asetoni" na "asetoni ya ziada" ni maswali mawili yenye majibu mawili.

Lipo kosa jingine ambalo linaweza kuleta mafuta, nalitaja ili usilaumu asetoni peke yake. Benzaldehidi iliyokaa muda mrefu kwenye chupa iliyofunguliwa mara nyingi inachukua oksijeni ya hewani na kugeuka asidi ya benzoiki. Utaiona kama chembe nyeupe shingoni mwa chupa. Asidi hiyo inakula NaOH yako, na benzaldehidi halisi unayopima inakuwa pungufu ya ile unayodhani. Lakini wenzako walitumia chupa hiyo hiyo wakapata fuwele, kwa hiyo kwako nashikilia asetoni.

Nikurudishe kwenye utabiri, maana mtihani hautakuletea jozi hii hii. Ukipewa jozi yoyote, tafuta kwanza nani ana haidrojeni ya alfa. Asiye nayo anapokea tu. Kisha tafuta nani anashambulika zaidi, na kwa kawaida aldehidi huitangulia ketoni. Kama mmoja hana haidrojeni ya alfa na ndiye pia aldehidi, kama hapa, zao kuu ni moja na unaweza kuliandika kwa ujasiri. Jozi za namna hii, aldehidi ya benzini na ketoni, hubeba majina ya Claisen na Schmidt, waliozichunguza miaka ya 1880 na 1881.

Kulichora zao ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Andika mpokeaji kushoto, oksijeni ya kabonili yake ikitazama kulia. Andika mshambuliaji kulia, haidrojeni mbili za kaboni moja ya alfa zikitazama kushoto. Oksijeni na haidrojeni mbili zinatoka kama maji, na kaboni mbili zilizobaki zinaungana kwa kifungo cha pande mbili. Kama kaboni ya alfa ya mshambuliaji ina haidrojeni moja tu, kama ilivyo kwa 2-methilipropanali, kushambulia kunawezekana lakini maji hayawezi kutoka kwa njia hii, kwa sababu baada ya shambulio hakuna protoni ya alfa iliyobaki. Zao linaishia kwenye aldoli.

Njia hii ina mipaka, na nisingependa uijue nusu. Chukua benzaldehidi na ethanali. Mshambuliaji ni mmoja tu, ethanali, kwa hiyo ungeandika sinamaldehidi, C6H5CH=CHCHO, ile inayoipa mdalasini harufu yake, na ungekuwa sahihi. Lakini ethanali ni aldehidi pia, na inashambulika kuliko hata benzaldehidi, maana duara la benzini linaitulizia kabonili ya benzaldehidi njaa yake. Ukimimina zote pamoja, ethanali nyingi itajimaliza yenyewe kwa yenyewe. Suluhisho ni la mikono: weka benzaldehidi na besi kwanza, kisha dondosha ethanali polepole huku ukikoroga, ili kila enolati inayozaliwa ijikute imezungukwa na benzaldehidi. Swali likisema "huongezwa tone kwa tone", sababu ndiyo hiyo.

Ngumu zaidi ni butanoni, CH3COCH2CH3, kwa sababu ina pande mbili za alfa zisizofanana. Na benzaldehidi ndani ya NaOH, shambulio linaweza kutokea pande zote mbili, lakini linarudi nyuma pia, na lile la upande wa CH3 ndilo linalopoteza maji kwa haraka zaidi. Hivyo zao kuu ni C6H5CH=CHCOCH2CH3. Ukitumia asidi kama HCl badala ya besi, zao kuu linahamia upande wa CH2. Hapo enoli ndiyo inayoshambulia, na ile yenye matawi zaidi kwenye C=C ndiyo tulivu na ndiyo iliyo nyingi. Vitu ni vile vile na zao ni jingine, kwa hiyo usijibu swali la butanoni kabla hujaangalia kilichoandikwa juu ya mshale.

Na kama kweli unataka moja tu kati ya yale manne ya ethanali na propanali? Kwa NaOH hutaipata. Njia moja ni kugeuza mmoja wao wote kuwa enolati kabla ya kumwonyesha mwenzake, kwa besi kali sana kama LDA kwenye −78 °C. pKa ya asidi yake ni kama 36, kwa hiyo haiachi msawazo nyuma. Ila nikuambie ukweli, njia hiyo hunyooka zaidi ukianza na ketoni. Aldehidi ndogo hushambuliana upesi mno, hata kwenye ubaridi ule, kabla LDA haijazimaliza. Kwa mwaka wa pili inatosha kujua kwamba NaOH haichagui kwenye jozi hiyo, na uandike manne.

Kuhusu mafuta yako: kama bado unayo, usiyamwage. Ongea na fundi wa maabara kwanza, kwa sababu benzalasetoni inawasha ngozi na NaOH ikiingia jichoni inaharibu upesi, kwa hiyo glavu na miwani si hiari. Ikikugusa, osha kwa maji mengi na mwambie aliye zamu pale pale, usisubiri kipindi kiishe. Kama atakuruhusu, osha mafuta hayo kwa maji hadi yasibadilishe tena rangi ya karatasi ya litmasi, acha asetoni iliyobaki igeuke mvuke ndani ya kabati la kuvuta moshi, kisha yapime. Gramu 1.46 za benzalasetoni ni milimoli 10, na zinahitaji mL 1 ya benzaldehidi mpya. Ziyeyushe pamoja kwenye ethanoli, ongeza myeyusho wa NaOH wa asilimia 10 kidogo kidogo, koroga kwa nusu saa kwenye joto la kawaida. Kama nimekisia sawa, chupa itaanza kutibuka kwa unga wa njano. Uchuje, uoshe kwa maji baridi mara kadhaa, uusafishe kwa kuufanya fuwele upya kwenye ethanoli, kisha mwombe fundi mashine ya kupimia kiwango cha kuyeyuka.

Ikisoma 110 hadi 112 °C, unayo dibenzalasetoni. Ikisoma chini ya hapo na kwa kusambaa, tuseme ikianza kulainika kwenye 95 na kumalizika kwenye 105, bado kuna benzalasetoni ndani na inahitaji kusafishwa tena. Na kama hakuna unga kabisa baada ya nusu saa, basi mafuta yale si nilichodhani. Mpelekee mwalimu wako wa maabara pamoja na daftari la vipimo, mkae nayo mezani, maana hapo inahitajika mtu wa kuyaona kwa macho na pengine kuyapima kwa spektra.